Jumanne Iliyogeuzwa Jumatano

Figo zikikataa kazi, wiki ya mtu inabaki na siku mbili tu. Zangu mimi ni Jumanne na Ijumaa. Siku hizo nafunga duka langu la leso na madera hapa Kisumu, napanda ngazi mpaka ghorofa ya pili ya jengo ambalo mwenyewe hakuona haja ya kuweka lifti, nalala kwenye kiti, natobolewa sindano mbili mkononi, kisha naachwa nimefungwa kwenye mashine saa nne nzima huku damu yangu ikitoka, ikioshwa na kurudi. Siku tano zinazobaki watu husema ni zangu. Si zangu. Ni za kuhesabu nilichokunywa.

Maana maji ndiyo adui. Asiye na figo hakojoi, au anakojoa tone la kudanganyia, kwa hiyo kila anachokunywa kinabaki ndani mpaka siku ya mashine. Mimi nimeruhusiwa vikombe viwili vidogo kwa siku, pamoja na chai, pamoja na mchuzi. Naishi mji ambao ukitoka nje tu unaliona ziwa limetandaa mpaka macho yachoke, na mimi nanyonya kipande cha barafu kama mtoto aliyepewa peremende. Nilipoanza, nilikuwa nikilia. Siku hizi nakasirika tu. Sisi watu wa ukoo wetu, ambao babu yetu alikuja na reli kutoka pwani akaoa huku huku, tunajulikana mjini kwa midomo yetu, na maradhi haya hayakunipunguzia hata kidogo.

Jirani yangu wa kiti ni mzee mmoja wa Katito. Zamani alikuwa dereva wa trekta la miwa kule Muhoroni, na mashine inayomsafisha damu anaiita trekta lake. Nesi akimaliza kumfunga, mzee humwambia, "Haya, wewe washa, lakini usinipeleke kwa mtaro." Mwezi wa kwanza nilimwona msumbufu. Mwezi wa pili nilimletea leso ya binti yake bila kulipisha. Watu wawili wakifungwa kando kwa kando saa nne, mara mbili kwa wiki, hawahitaji sababu nyingine ya kuzoeana.

Jumanne ninayotaka kuieleza, tulikutana naye chini ya ngazi. Tulipanda pamoja, tukipumzika kila kona, yeye akishika ukuta na mimi nikishika ukuta mwingine. Tulipofika juu tukakuta taa za chumba cha mashine zimezimwa. Mashine zilikuwa zimefunikwa mashuka. Nyuma kabisa fundi alikuwa amepiga magoti kati ya mabomba na matangi aliyoyafungua, maana mashine hizi haziwezi kutumia maji ya mfereji hivi hivi. Kuna mtambo wa kuyasafisha kwanza, na ndio uliokuwa unatengenezwa. Hapakuwa na nesi wala daktari. Alikuwepo binti wa mapokezi peke yake, nyuma ya kaunta yake na kompyuta yake.

Binti huyu alikuwa mgeni kazini. Kwao ni upande wa Kakamega, mpole, ana sauti ya kuimba kwaya. Aliyeshika kazi hiyo kabla yake alikuwa amepata kazi Nairobi akamwachia kila kitu kama kilivyo. Alipotuona akashangaa kuliko sisi.

"Mama, leo hakuna kazi. Si mlipigiwa simu?"

"Na nani?" nikamwuliza.

"Na mimi. Nimepigia watu wote wa Jumanne, nikawaambia mtakuja kesho, Jumatano, jioni. Wote wamekubali."

Nikamtolea simu yangu nikaiweka kwenye kaunta. Haikuwa imelia. Mzee naye akatoa yake, ile ndogo ya vitufe, akaisukuma kando ya yangu. Binti akatuomba radhi, akaivuta kompyuta karibu, akafungua kile kidirisha cha kutafuta, akaandika jina langu, akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Mama, hauko kwa listi."

"Siko vipi?"

"Kompyuta inasema hakuna." Akaandika jina la mzee. "Na mzee pia hayuko."

Sikuwa nimeelewa ubaya wake mpaka aliponieleza. Kesho yake jioni wangekuja watu wa Jumanne, ambao ni wengi sawasawa na mashine zilizopo. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa amesema ndiyo kwa simu. Nafasi iliyobaki kwangu ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimesafishwa mara ya mwisho Ijumaa iliyopita. Yaani wiki nzima. Tayari asubuhi ile miguu ilikuwa imejaa hivi kwamba viatu nilivivaa nimekanyaga visigino, na usiku uliopita nilikuwa nimelala kwa mito mitatu nipate kupumua. Mgonjwa wa figo anajua wiki nzima maana yake nini. Maji yakishaijaza miguu hupanda kifuani.

"Nani amenitoa?" nikauliza, na nadhani hata fundi kule nyuma aliacha kugonga.

Binti akasema huenda ni bima. Idhini ya bima ikiisha, alisema, jina la mgonjwa huondolewa. Alisema kwa heshima, lakini alisema kama mtu asomaye jambo lililoandikwa. Kompyuta imesema haupo, basi haupo, na kazi iliyobaki ni kutafuta kwa nini haupo.

Nikageuka kumwambia mzee twende dirisha la bima, lililo jengo la pili, ng'ambo ya barabara. Yeye alikuwa ameshasimama, amevaa kofia.

"Mama, wewe enda," akaniambia. "Mimi nimechoka kuulizwa maswali. Kama wamenitoa, wamenitoa."

"Kaa hapo, mzee. Tutaenda pole pole."

"Enda tu. Uniambie Ijumaa."

Nilidhani anatania, kwa sababu kila siku alikuwa akitania. Na kusema kweli akili yangu yote ilikuwa kwenye kiti changu. Nilimwona akishuka, mkono ukutani, hatua moja na kupumzika, nikafikiri anakwenda nyumbani kulala.

Dirisha la bima lilinichukua asubuhi iliyobaki. Nilipanga foleni, nikaweka kidole kwenye kile kifaa cha kusoma alama za vidole, kikakataa, nikapangusa kidole kwenye dera, kikakataa tena, mpaka kijana wa dirishani akaniletea kitambaa chenye spiriti. Halafu akaniambia bila hata kuniangalia, "Uko sawa, mama. Idhini yako iko mpaka mwisho wa mwaka." Nilitaka kumkumbatia kupitia kile kioo.

Nikarudi nikapanda ngazi zile zile. Safari hii nilikaa chini kwenye kona ya pili, kwenye saruji, mwanamke mzima na mkoba wangu, kwa sababu pumzi ilikuwa imegoma. Nilipofika juu nikamwambia binti bima iko sawa. Akaandika jina langu tena. Hakuna. Basi labda daktari amekuhamisha, akasema, na akampigia daktari, ambaye siku za Jumanne huwa hospitali nyingine. Nilisikia sauti ya daktari ikitoka kwenye simu. "Mimi sijahamisha mtu. Angalia kwa listi." Binti akaangalia kwa listi. Hakuna. Akampigia nesi mkuu, aliyekuwa nyumbani kwake anafua. Nesi mkuu akasema ananijua, ananikumbuka vizuri sana, lakini kesho jioni ataweka watu walio kwenye listi, kwa kuwa mashine ni zile tu na hawezi kumnyanyua mtu aliyethibitisha.

Kila mlango niliogonga ulinirudisha kwenye kaunta ile, na kaunta ile ilinirudisha kwenye kile kidirisha kidogo chenye jina langu na jibu la hakuna. Hakuna aliyesema nisisafishwe. Wote walisema nisafishwe, mradi tu niwe kwenye listi. Nilihisi kama mtu aliyefungiwa chumbani na watu waungwana, kila mmoja akimhakikishia kwamba funguo ziko kwa mwenzake.

Basi nikakaa. Kulikuwa na kiti cha plastiki mbele ya kaunta, nikakivuta mpaka kikagusa mbao, nikamwambia binti sitoki. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo. Akaniletea feni ya meza akaielekeza kwangu. Nikaona macho yake yamekuwa mekundu. Nilimhurumia kidogo, kisha nikamkasirikia zaidi kwa kunifanya nimhurumie.

Mtu aliyekaa bila kazi macho yake hutangatanga, na yangu yalitangatanga mpaka kwenye kioo cha kompyuta, ambacho kilikuwa kimegeuzwa upande kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Nikaona majina. Juu yake pameandikwa kwa herufi nene kwamba hawa ni wagonjwa wa Jumatano. Jina la tatu nililifahamu. Ni la mwalimu mmoja wa Ahero ambaye mkewe ni mteja wangu, na mkewe huja dukani kila Jumatano kupoteza muda akimsubiri mumewe ashuke.

"Huyo mwalimu naye anakuja lini?" nikauliza.

"Kesho jioni. Nilimpigia mwenyewe."

"Lakini yeye ni wa Jumatano siku zote. Jumatano asubuhi."

"Hata yeye alisema hivyo kwa simu," akasema pole pole. "Alisema, lakini mimi ni wa Jumatano kila siku. Nikamwambia ndiyo, ndio hiyo Jumatano, lakini uje jioni. Akanungunika tu. Wengi walinungunika."

Hapo niliingiwa na ushari, sijui na nini. Nikamwambia, "Haya, mtafute huyo mwalimu. Mwandike hapo kama ulivyoniandika mimi."

"Lakini mama, huyu yuko. Si unamwona hapa."

"Mtafute."

Akaandika jina la mwalimu, herufi kwa herufi, akilitazama pale lilipo. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba haikupata kitu.

Tukatazamana. Jina lilikuwa pale, katikati ya kioo, mimi naliona bila miwani, na kompyuta inaapa haliko. Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyekuwa amekaribia kuamini kwamba yeye mwenyewe hayupo. Binti hakucheka. Aliweka mshale juu ya jina la mwalimu, akabonyeza mara moja, na akatazama ule mstari mrefu ulio juu ya ukurasa, unaoonyesha kilichomo hasa ndani ya kile kijisanduku. Akaukazia macho mpaka nikadhani ameganda.

"Hii si jina," akasema.

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mama yake, na alifanya hivyo. Faili ile, iliyotengenezwa na yule mwenzake wa zamani, ilikuwa na ukurasa wa kila siku ya wiki, na kwenye kurasa hizo ndiko majina na namba za simu zilikoandikwa kwa mkono. Ukurasa huu wa simu haukuwa umeandikwa majina hata moja. Kila kijisanduku kilikuwa na fomula, yaani agizo: nenda ukurasa wa Jumatano, mstari fulani, lete kilichopo. Kompyuta inakwenda, inaleta, na sisi tunaona jina la mwalimu limetulia pale kama lililozaliwa hapo. Lakini kile kidirisha cha kutafuta kilikuwa kinatafuta ndani ya maagizo, si ndani ya kilicholetwa. Na ndani ya maagizo hakuna mwalimu wala mimi wala binadamu yeyote. Kuna majina ya kurasa na namba za mistari tu.

"Kwa hiyo ungemtafuta rais," nikamwambia, "angekosekana."

"Angekosekana," akasema. Akafungua machaguo ya kile kidirisha, akanionyesha mahali pa kuchagua pa kutafuta, kwenye fomula au kwenye kinachoonekana. Hakuwahi kupagusa. Akachagua kinachoonekana, akabonyeza, na mwalimu akapatikana mara moja. Akapatikana mara mbili, hata. Mara moja pale juu, na mara nyingine chini kabisa, kwenye kundi la pili.

Kupatikana mara mbili ndiko kulikomvunja binti. Aliteremka mpaka kundi la chini akalikuta nalo limeandikwa Jumatano, watu wale wale, mpangilio ule ule. Akarudi juu. Akashuka tena. Kisha akaweka mkono mdomoni.

Jumamosi, alipoambiwa watu wa Jumanne wahamie Jumatano, alikuwa amefungua ukurasa huu wa simu. Kando ya kila jina kulikuwa na maneno ya kumsomea mgonjwa, kwamba unakuja Jumanne, saa fulani. Kubadilisha mmoja mmoja ni kazi. Akatumia ile njia ya mkato. Tafuta Jumanne, weka Jumatano, badilisha zote. Kompyuta ikamaliza kabla hajakohoa, ikamwambia imebadilisha mahali pengi. Pengi kuliko alivyotegemea, alikumbuka sasa, lakini nani huhesabu. Na ilikuwa imebadilisha kweli zote. Ilibadilisha kichwa cha habari, ikabadilisha maneno ya kando, na ikaingia ndani ya maagizo, pale palipoandikwa nenda ukurasa wa Jumanne, ikaandika nenda ukurasa wa Jumatano. Haikuuliza wala kulalamika, kwa sababu ukurasa wa Jumatano upo kweli na una majina kweli. Maagizo yakaenda yakaleta majina na namba za simu za watu wengine. Yeye akachapa lile kundi la juu peke yake, akachukua simu, akaanza kupiga.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Jumatano waliambiwa waje Jumatano, wakakubali. Sisi wa Jumanne hatukuwa tumeondolewa na mtu yeyote. Hakuna aliyetuchukia, hakuna hata aliyetufikiria.

"Fungua huo ukurasa wa Jumanne," nikamwambia.

Akaufungua. Nilikuwa pale. Jina langu, namba yangu, kiti changu, na chini yangu mzee wa Katito. Sitaficha, nililia. Niliona aibu kufurahi vile kwa kuona jina langu kwenye kioo cha mtu, lakini nilifurahi.

Kazi ya kurekebisha haikuwa rahisi kama ya kuharibu. Kurudi nyuma hatua moja moja hakukuwezekana, faili ilikuwa imefungwa na kufunguliwa tangu Jumamosi. Nikamwambia si ageuze tu, Jumatano zote ziwe Jumanne. Alikuwa ameshanyoosha kidole, akakirudisha. Akifanya hivyo, alisema, na lile kundi la chini, ambalo ni la Jumatano halisi, litageuka Jumanne, na hapo tutakuwa tumewapoteza watu wa Jumatano kama tulivyopotezwa sisi. Kompyuta haikumbuki ipi ilikuwa ipi. Akachora kivuli juu ya majina na namba za kundi la juu peke yake, akabadilisha ndani ya kivuli hicho tu, na majina yetu yakarudi yote kwa mpigo mmoja, mimi na mzee na wale wengine ninaowaona kila wiki na shuka zao. Maneno ya kando, ya kuja Jumatano, akayaacha.

Halafu akaanza kupiga simu upya. Kwanza wenzetu wa Jumanne, ambao wengi zamu yao ni ya mchana. Wawili walikuwa tayari wako chini mlangoni wakibishana na bawabu. Halafu wale wa Jumatano, kuwaambia warudi kwenye saa zao za asubuhi na mchana. Mwalimu wa Ahero nilimsikia kwenye simu akiuliza kama kuna mtu mzima hapo ofisini. Nikamwomba binti anipe simu, nikamwambia yupo, ni mimi, na mwambie mkeo kesho duka litafunguliwa.

Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Tulipiga alasiri, tukapiga nilipokuwa naondoka, nikapiga nikiwa kitandani na mito yangu mitatu. Ndipo maneno yake yakanirudia, kama wamenitoa, wamenitoa, na safari hii sikuyasikia kama utani. Nilikasirika mwenyewe kwa mwenyewe. Asubuhi ya Jumatano binti wa mzee akapokea. Alisema baba amelala, anapumua vibaya, na anasema hospitali wamemtoa kwenye listi. Nilipiga kelele kwenye simu ile mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwambia hakutolewa, mlete, mlete sasa hivi hata akikataa.

Wakamleta kabla ya jioni, amebebwa na vijana wawili wa bodaboda kwenye zile ngazi, uso umevimba hata macho yamebaki mistari, kifua kinakoroma. Nesi mkuu hakusubiri zamu. Alimwomba radhi mgonjwa mmoja aliyekuwa anamalizia, akamfunga mzee pale. Mimi nilifungwa baadaye kidogo kwenye kiti cha kando yake. Tulikaa hivyo muda mrefu, mashine zikinguruma, nikisikiliza kifua chake kuliko changu. Pole pole ule mkoromo ukapungua. Taa zilikuwa zimewashwa alipogeuza kichwa.

"Mama," akasema. "Umekuwa ukinipigia kelele kwa simu."

"Nimekupigia. Na nikifunguliwa hapa nitakupiga. Ulifanya nini, mzee?"

Alikuwa anaitazama damu yake inavyozunguka ndani ya mpira.

"Nilishuka stendi ya Katito," akasema, "nikaketi kwa mama mmoja anauza chakula. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia maji. Akaleta glasi. Nikamwambia hapana, lete jagi." Akapumzika. "Nilikunywa yote. Halafu nikaagiza ingine. Hakuna mtu alinihesabia. Mama, tangu nianze mambo ya hii trekta, mimi sijawahi sikia raha kama hiyo. Nilijua itaniua. Nilikuwa nimetolewa, sasa nikinyima koo, nanyimia nani?"

Nilitaka kumkemea. Maneno yote nilikuwa nayo tayari, na kuhusu maneno mimi sijawahi kupungukiwa. Lakini ulimi ulikuwa mkavu, umeshikamana na kaakaa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa, na mbele yangu kulikuwa na Ijumaa, na Jumanne, na Ijumaa nyingine, mpaka siku nitakayokufa. Nilikuwa nimehangaika siku nzima kurudishwa ndani ya haya. Kilichonipanda kifuani hakikuwa hasira wala huruma. Ulikuwa wivu, wivu mtupu, kama niliouona nikiwa msichana.

"Yalikuwa ya baridi?" nikamwuliza.

"Ya mtungi," akasema.

Nikafumba macho.